Picha Saba za Saa ya Kambove

Kulthumu binti Sudi alikuwa na majibu matatu tu, na watu wa soko lile dogo la Kampemba waliyajua kama wanavyojua majina ya watoto wao. La kwanza lilikuwa "ndiyo". La pili lilikuwa "hapana". La tatu, ambalo liliwaudhi wengi, lilikuwa "siwezi kusema, ilete".

Meza yake ilikuwa ileile ya marehemu baba yake, fundi saa aliyekuja kutoka Kasongo ya Maniema akiwa kijana, na mikono yake ikaishi juu ya mbao hizo kwa miaka arobaini. Mbele ya mahali alipokuwa akikaa, ubao ulikuwa umelika na kufanya bonde dogo pale ambapo viwiko vyake vilitulia. Kulthumu alipoketi, viwiko vyake viliingia katika bonde hilohilo. Hakuwahi kulijaza wala kulipiga randa.

Enzi za baba yake watu walileta saa mkononi. Siku hizi walileta picha. Mtu wa Likasi ameona saa inauzwa kwenye simu, anataka kujua kama ni ya kweli. Mama wa Ruashi amerithi saa ya mumewe. Kijana wa mjini amepewa zawadi na ana wasiwasi na mtoaji. Wote walimtumia Kulthumu picha, naye alikuwa na utaratibu wake. Alitaka picha saba: uso wa saa ukipigwa moja kwa moja, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia pamoja na kitufe cha kujazia, mfuniko wa nyuma, kifungio cha mkanda, herufi za usoni zikikaribiwa sana, na ya saba saa ikilala juu ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la mwenyewe na tarehe ya siku hiyo. Picha ya saba ilikuwa dawa ya wajanja waliochukua picha nzuri za saa ya mtu mwingine. Zote zipigwe karibu na dirisha, bila taa ya simu, kwa maana taa ya simu hufuta makosa. Tena alitaka video fupi, ili aone mshale wa sekunde unavyotembea na asikie saa inavyolia.

Mara nyingi picha zilitosha. Jirani yake Guelor, muuza simu na saa za mkononi aliyekuwa na meza upande wa pili wa njia, alimletea moja asubuhi hiyohiyo ambayo mambo yetu yanaanza.

"Mama Kulthumu, angalia hii. Dahabu. Uswisi, Suisse."

Kulthumu hakuinua hata kioo chake cha jicho. Ndani ya uso wa saa hiyo kulikuwa na saa ndogo tatu, za kuhesabia dakika na sekunde.

"Guelor, hizi tatu zinatembeaga?"

"Zinapumuzika."

"Zimechorwa. Huyu mutu amechora mishale juu ya karatasi."

"Ni msanii basi!" Guelor akacheka, akaivaa mwenyewe. "Mi nitaivala tu. Ni weye tu unaangaliaga saa kama daktari wa meno."

Hapo picha moja ingetosha, na ya pili ingekuwa kupoteza muda. Baba yake alikuwa amemfundisha hivyo: kuikataa bandia, dalili moja ya wazi inatosha, kuikubali ya kweli, hata dalili kumi hazitoshi, kwa sababu mwigaji hodari huiga yote kumi. Kwa hiyo neno "ndiyo" alilitoa kwa picha mara chache tu, kwa saa za kawaida ambazo hakuna anayejisumbua kuziiga. Saa ya thamani aliiita mezani aifungue. Na pale ambapo hata kufungua hakukutosha, aliandika kwa kampuni iliyoitengeneza, ng'ambo, ambako kumbukumbu za kila nambari huhifadhiwa. Lakini neno "hapana" alilitoa kwa picha bila kusita, miaka kumi na moja sasa. Aliliamini neno hilo kuliko yale mengine mawili.

Picha saba za Kambove ziliingia wakati Guelor bado akijipendezesha mbele ya kioo chake.

Zilitoka kwa msichana aitwaye Keren. Zilipigwa vizuri, karibu na dirisha, na karatasi ya saba ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa shule: Lombe, Kambove, na tarehe. Chini yake Keren aliandika ujumbe mrefu. Kulthumu aliusoma mara mbili.

Saa ilikuwa ya babu yake, kambo kama alivyomwita, mzee Lombe, aliyefanya kazi mgodini tangu ujana. Alipotimiza miaka ishirini ya kazi, mwaka 1984, wakubwa walimvisha saa hiyo mbele ya wenzake, saa ya kampuni ya Uswisi iitwayo Vérane. Jina lake lilichongwa nyuma. Akaivaa hadi kampuni ya mgodi ikaacha kulipa, hadi wenzake wakauza zao wapate unga, na yeye hakuuza. Miaka sita iliyopita saa ikasimama. Mwanawe Ruben, baba yake Keren, anayekaa Ruashi, akaichukua kwenda kuitengenezesha. Alipoirudisha, mzee aliiweka sikioni, akaiangalia, akasema: hii si saa yangu. Mfuniko ni wangu, nilichorudishiwa ni mfuniko tu, iliyobaki umeiuza. Ruben akaapa, mzee akageuza uso. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena.

"Naolewa mwezi wa nane," Keren aliandika. "Kambo anasema hatakaa pamoja na mwizi kwenye meza ya ndoa yangu. Papa anasema kama kambo hatakuja, naye haji, nitatolewa na nani? Mama, nasikia unajua. Tuambie tu kweli. Kama iko ya kweli, watakaa. Kama iko fo, ya bandia, nijue mapema nani ananidanganya."

Kulthumu alifungua picha ya sita, ya herufi. Hakuhitaji kuikuza sana. Herufi za jina la kampuni zilikuwa nene, kana kwamba zimeandikwa na mtu aliyekula ugali mwingi. V ilikaribia kumkanyaga E. Chini kabisa, pale ambapo uso wa saa ya Uswisi huandikwa kwa herufi ndogo nchi inakotoka, hapakuwa na kitu. Mshale wa sekunde ulikuwa mfupi, haukufika kwenye alama zake.

Guelor alikuja akachungulia juu ya bega lake. "Fo," alisema. "Hii hata mi naona. Iko fo kuliko yangu."

"Nyamaza kidogo."

"Ninyamaze nini? Umenikatala mbele ya bantu kwa mishale mitatu, huyu umemuhurumia?"

Aliandika: Pole, mwanangu. Hapana. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma. Dalili tatu za wazi! Baba yake angeridhika na moja.

Kilichomzuia hakikuwa huruma. Kilikuwa utaratibu: hakuwa ameangalia video, naye hakujiruhusu kujibu kabla ya kitu cha mwisho kwenye orodha. Akaifungua. Mshale mfupi ulitembea kwa kuteleza, hatua ndogondogo tano kwa kila sekunde, jinsi saa ya kujazwa kwa mkono inavyotembea. Bandia nyingi za bei rahisi zina betri, na mshale wake huruka mara moja kila sekunde. Hii ilikuwa na mashine halisi ya springi. Na sauti yake, Kulthumu akaiweka simu sikioni, ilikuwa safi na iliyonyooka.

Akarudi kwenye picha ya sita, safari hii akaikuza hadi ikaanza kuvunjika. Kando ya dirisha dogo la tarehe, rangi nyeupe ilikuwa imemwagika ukingoni, uvimbe mdogo kama tone la uji kwenye mdomo wa sufuria. Kiwanda hakimwagi rangi hivyo, hata kiwanda cha bandia, maana nacho hupiga chapa kwa mashine. Hii ilikuwa kazi ya brashi na mkono wa mtu. Mtu alikuwa ameipaka sura hii rangi upya.

Kulthumu akaegemea kiti. Kila dalili aliyoiona ilikuwa usoni mwa saa. Uso ni kitu cha kubadilishwa, mishale pia. Herufi nene zilimwambia kwamba herufi hizi si za kiwanda. Hazikumwambia lolote kuhusu kilichomo chini yake. Je, ni sura ya uongo juu ya mashine ya uongo, au sura ya kweli iliyoharibiwa na brashi? Kwenye picha, hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Akawaza kwa hofu kidogo: kwa miaka kumi na moja, ni saa ngapi za kweli zenye sura iliyopakwa alizozikataa kwa picha moja?

Na nani angelipa kosa hilo? Akikosea kuhusu saa ya Guelor, Guelor angecheka. Akikosea hapa, mtu angeitwa mwizi na baba yake hadi kaburini.

Akafuta alichoandika. Akaandika: Siwezi kusema kwa picha. Ileteni.

"Ah!" Guelor alirudi kwenye meza yake. "Siku ile mi nikikuonesha yangu, nitaipaka rangi kwanza."

*

Keren alijibu kwamba babu hataki kuitoa saa mkononi mwake. Iliwahi kutoka mara moja, na matokeo yake anayaona. Kulthumu akaandika kwamba hilo ni jambo jema: aje nayo, itafunguliwa mbele ya macho yake.

Walifika Jumatano, wamelala njiani Likasi kwa ndugu. Mzee Lombe alikuwa mrefu na mwembamba, koti la zamani limepigwa pasi, mkono wa kushoto umeshikwa na wa kulia kana kwamba amebeba ndege. Keren alimkalisha. Mzee aliitazama meza kwa muda mrefu, hasa lile bonde.

"Hapa kulikuwa na mutu wa Maniema," alisema. "Mwenye kofia."

"Alikuwa baba yangu, muzee. Alituacha miaka kumi na moja sasa."

"Pole, mutoto yangu. Mwaka tisini na ngapi... nilimuletea hii. Alinipatia chai."

"Alipatiaga bantu yote chai. Keren, chukua ile thermos."

Wakanywa chai kwanza. Kulthumu hakuharakisha, alimwuliza mzee habari za Kambove, mvua, magoti. Ndipo akatandika kitambaa cheupe mezani na kunyoosha kiganja. Mzee alifungua mkanda mwenyewe, akaiweka saa kiganjani mwake.

"Unaifungua apa? Mi naona?"

"Unaona kila kitu, muzee. Nikigusa kitu nakuambia kwanza."

Akavaa kioo cha jicho, kile ambacho mafundi wa mjini huita lupe. Akageuza saa. Nyuma iliandikwa: Lombe, miaka ishirini, 1984. Mchongo ulikuwa umesuguliwa na ngozi ya mkono mpaka ukalainika kama senti ya zamani. Akauzungusha ufunguo wake, mfuniko ukalegea, ukatoka.

Ndani ya mfuniko, upande usioonwa na mtu isipokuwa fundi, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya sindano. Mafundi huandika hivyo kila wanapoisafisha saa: tarehe na alama ya mkono wao. Mkwaruzo wa juu, mpya zaidi, ulikuwa wa miaka sita iliyopita, na alama asiyoijua. Chini yake, maandishi madogo yaliyolala kidogo kulia: 3-94, na S yenye mkia mrefu.

Kulthumu aliivua lupe, akaifuta kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena. S ilikuwa bado pale. Hakuwa ameuona mwandiko wa baba yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameuona kwenye madaftari, lakini si hivi, si pale ambapo hakuwa amejua kuutafuta.

"Nini?" mzee aliuliza. "Ni mbaya?"

"Hapana, muzee. Baba yangu aliacha salamu." Akamgeuzia mfuniko, akamwonyesha kwa ncha ya koleo.

Mzee akainama. "Eh. Kumbe alinisaini." Akafurahi kama mtoto, kisha akakumbuka alichokuja nacho. "Ila mufuniko mi nilisema ni wangu. Sikukatala mufuniko. Tumbo njo sikubali, ile mashine."

Alikuwa na haki. Mfuniko ungeweza kuwekwa juu ya saa yoyote ya kipimo chake. Kulthumu akaiangalia mashine. Jina la Vérane lilichongwa vizuri kwenye daraja la chuma, kile kibamba kinachoshikilia magurudumu, herufi nyembamba, zenye kingo kali. Magurudumu yalikuwa ya aina yake, skrubu zilikuwa safi, umaliziaji wa mistari ulikuwa ule ambao waigaji huuruka kwa sababu mteja hauoni. Akamwomba ruhusa, akaitoa mashine kwenye gamba lake, akang'oa mishale, akainua uso wa saa. Mbele ulikuwa na rangi ile nene ya brashi. Nyuma, kwenye shaba tupu, kulikuwa na muhuri mdogo wa kiwanda cha nyuso, na miguu yake miwili ilikaa sawasawa katika matundu ya mashine bila kulazimishwa.

"Muzee, hii sura ni ya kiwanda. Mutu ameipaka rangi juu. Mushale wa sekunde ni mwingine, ule wa kwanza ulipotea ao ulivunjika. Mashine ni Vérane ya kweli, ya miaka ile."

Keren alipiga makofi mara moja, akajizuia. "Basi! Kambo, umesikia? Ni ya kweli!"

"Ni ya kweli," mzee alisema taratibu. "Ni yangu?"

Kulthumu aliivua lupe. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kile ambacho mikono yake ingeweza kufanya. Vérane zilikuja nyingi mjini miaka ile. Mtu angeweza kuchukua mashine nzuri na kuweka nyingine iliyochoka, ya kampuni ileile. Mashine ya kweli na mashine *yako* ni maswali mawili.

"Siwezi kusema, muzee."

Keren alimfuata Kulthumu alipokwenda kuchota maji. Alimshika mkono, akanong'ona: "Mama, nakuomba. Sema tu ndiyo. Umeona mwenyewe ni ya kweli. Anakuamini kwa sababu ya baba yako. Neno moja tu, watakaa."

"Wewe ungeamini kama mi ningesema ndiyo kwa huruma?"

"Mi ningeolewa."

Kulthumu akacheka, akamfuta machozi kwa kiganja kilicholowa. "Mutoto yangu, kambo yako ana sikio. Alisikia saa imebadirika, na kweli kuna kitu kilibadirika, hakukosea. Nikimupatia ndiyo isiyo na miguu, siku moja ataisikia vilevile. Halafu atakuwa na bantu babili ba kutowaamini. Nipatie muda."

Akarudi, akaeleza. Kwenye daraja la mashine kulikuwa na nambari. Ndani ya mfuniko, juu ya mikwaruzo ya mafundi, kulikuwa na nambari ya gamba lenyewe. Kampuni yenyewe huhifadhi kitabu: nambari hii ya mashine ilitoka kiwandani lini, ndani ya gamba la nambari gani, na ilitumwa nchi gani. Wao hawawezi kuiona saa. Wakitumiwa picha tu, wanasema nambari ipo kwenye kitabu, basi, na mwigaji naye anaweza kunakili nambari ya kweli. Ndiyo sababu ilibidi kwanza mtu aione nambari kwa jicho lake, imechongwa kwenye chuma cha kweli. Hilo alikuwa amelifanya. Kilichobaki ni kitabu. Ada yao si ndogo, na huchukua wiki kadhaa.

"Na wakisema hapana?" mzee aliuliza.

"Nitakuambia hapana."

Mzee alimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi iandike. Na ile nambari mi nataka niione."

Alimpa lupe. Mzee hakuona chochote ila ukungu. Macho yake yalikuwa yameshachoka. Lakini alikaa na ile lupe kwa dakika nzima, kwa heshima, kabla ya kuirudisha.

*

Wiki tano zilipita. Guelor aliuza saa yake ya msanii kwa mtu aliyeambiwa wazi kwamba ni ya kuchorwa na akaipenda hivyohivyo. Keren aliandika kila Jumatatu: Mama, bado? Naye Kulthumu akajibu: Bado. Usiku mmoja aliyafungua madaftari ya baba yake akatafuta mwezi wa tatu, mwaka 94. Alikuta jina la Lombe, na "kusafisha, springi". Nambari ya mashine haikuandikwa. Baba hakuziandikaga. Alilala akiwa amekasirika naye kidogo, jambo lililomfariji kwa namna fulani, kama vile bado walikuwa na la kujadiliana.

Jibu lilipofika, aliwaita wote wawili, baba na mwana. Kwa Ruben alipiga simu mwenyewe.

"Mimi nije nifanye nini?" sauti ya Ruben ilikuwa nzito. "Nikaitwe mwizi kwenye soko?"

"Uje usikie vile babako atasikia. Sitaki asikie leo halafu weye usikie kwa bantu kesho."

"Ni ndiyo ao hapana?"

"Kuja."

Ruben alifika kwanza, mtu mnene wa makamo, kofia ya kazi ya mgodi mkononi. Alikataa kiti. Babake alipoingia ameshikiliwa na Keren, Ruben alisogea ili apite, na mzee akapita kama anayepita karibu na mlango. Hakuna aliyesalimia. Guelor, ng'ambo ya njia, alizima redio yake.

Kulthumu alifungua karatasi. Ilikuwa kwa Kifaransa; akaisoma kama ilivyo, kisha akaieleza pole pole.

"Kampuni inasema: mashine ya nambari hii, ile tuliyoandika siku ile mbele yako, muzee, ilifungwa mwaka 1983, ndani ya gamba la chuma la nambari hii." Akaweka kidole kwenye nambari ya karatasi, kisha kwenye mfuniko wazi, ili Keren asome zote mbili kwa sauti. Keren akasoma. Zilikuwa sawa. "Ilitumwa Zaire. Mwaka mumoja kabla ya jina yako kuchongwa. Mashine na gamba lako vilitoka kiwanda pamoja. Muzee, jibu langu ni ndiyo. Ni ya kweli, na ni yako. Hakuna aliyeibadirisha tumbo."

Mzee Lombe aliiokota saa, akaiweka sikioni.

"Lakini inasema vingine," alisema. Haikuwa tena shtaka. Ilikuwa swali.

"Ilisafishwa, muzee. Mafuta ya zamani yalitolewa, kioo cha plastiki kikatolewa, kikawekwa cha kioo kweli. Saa ikisafishwa inaongea na sauti ingine. Sikio lako halikukudanganya. Na macho pia. Sura ilipakwa."

Mzee akamgeukia mwanawe kwa mara ya kwanza. "Nani aliipaka?"

Ruben alizungusha kofia mikononi. "Tata, mi nilimuambia yule fundi wa Likasi, ifanye ikuwe mupya. Vile ilikuwa siku balikuvalisha. Sura ilikuwa imekuwa na madoa, ulikuwa unasema hauoni tena nambari. Nikasema, ifanye mupya kabisa. Sikujua atapaka. Mi niliona inang'aa, nikafurahi. Nilikimbia nayo." Akaibana kofia kwapani. "Nilifikiri utafurahi."

Kulthumu aliinamisha macho kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa ameziona nyingi, nyuso za saa zilizopakwa na mafundi wa miaka ile kwa sababu mteja alitaka kitu king'ae. Na kila moja ilikuwa na mtu aliyeomba hivyo. Hakuwahi kumwona mwombaji.

"Ifanye mupya," mzee alirudia. "Na kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema. Ukaniita mwizi. Nikasema basi."

"Miaka sita!" Keren alisema kwa sauti iliyopasuka. "Juu ya brashi tu!"

Kulthumu alichukua sindano yake, akauliza kwa macho, mzee akakubali kwa kichwa. Ndani ya mfuniko, chini ya S yenye mkia mrefu, alikwaruza tarehe ya siku hiyo na K ndogo. Akaurudisha mfuniko, akaukaza.

"Naweza kutafuta sura ingine," alisema, "ya kiwanda. Pengine ipo."

"Acha," mzee alijibu. "Hii niliipatia mutoto aitengeneze, akaitengeneza." Akaishika karibu na uso, akakunja macho, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. "Ila hizi herufi, Ruben. Zimenona kama weye."

Guelor ng'ambo ya njia alicheka kwanza, kisha akajifanya anakohoa.

Ruben hakucheka. Alipiga goti kando ya kiti, akauchukua mkono mwembamba wa babake, akauzungushia mkanda na kulitafuta tundu la zamani, lile lililotanuka kwa matumizi. Lilikuwa limelegea sasa. Mzee alikuwa amekonda. Akasogeza hadi tundu la pili.

Mzee alimwacha afunge. Kisha akamnyooshea mkono, saa ikiwa mbele ya macho ya mwanawe.

"Mi sioni tena. Ni saa ngapi?"

Ruben aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Inabakia dakika kumi midi ifike, saa sita, Tata."

"Basi tunakula kwako. Ruashi ni mbali?"

"Si mbali."

"Keren, beba ile karatasi. Mama yako asije akasema tunadanganya." Akasimama kwa kumshika mwanawe bega, akamgeukia Kulthumu, akaweka kiganja chake kwa kitambo katika lile bonde la meza kabla ya kuondoka.

Walipokwisha kupotea kwenye umati, Guelor alivuka njia. Kulthumu alikuwa ameshachukua simu, na alikuwa akirudi nyuma kwenye picha za zamani, za mwaka huu na za mwaka uliopita, akitafuta nyuso zenye rangi iliyomwagika ukingoni.

"Unatafuta nini tena?"

"Bantu niliowaambia hapana," alisema, akaanza kuwaandikia mmoja mmoja: Ileteni.